Malaria ya nyani (Plasmodium knowlesi): maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Dar es Salaam

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili: wenzetu wa maabara na zahanati wanaosoma slaidi kila siku, na wasafiri wanaorudi kutoka Malaysia na Indonesia wakiwa na homa. Majibu mengi yanarudi kwenye jambo moja: slaidi iliyoandikwa *P. malariae* ilhali mgonjwa ametoka msituni Borneo. Hapo ndipo watu huumia, kwa hiyo hapo ndipo nimekaa muda mrefu zaidi.

## Ya msingi

1. Malaria ya nyani ni nini hasa?

Ni malaria inayosababishwa na kimelea kiitwacho *Plasmodium knowlesi*. Makao yake ya asili ni nyani wa Asia ya Kusini-Mashariki waitwao makaki: yule wa mkia mrefu na yule wa mkia mfupi uliojikunja kama wa nguruwe. Nyani hawa hukaa na kimelea mwilini bila kuumwa sana. Mbu wa msituni wa kundi la *Anopheles leucosphyrus* humng'ata nyani, kisha humng'ata mtu aliyeingia kukata mbao, kuvuna michikichi au kupiga kambi.

Mtu wa kwanza kuthibitishwa kuugua kwa njia ya asili alikuwa Mmarekani aliyefanya kazi kwenye misitu ya Pahang, Malaysia, mwaka 1965. Slaidi yake ilisomwa kwanza kuwa *P. falciparum*, baadaye ikabadilishwa kuwa *P. malariae*. Ukweli ulijulikana pale damu yake ilipoingizwa kwa makaki wa maabara. Yaani mkanganyiko tunaouzungumzia ulianza na mgonjwa wa kwanza kabisa.

2. Je, tumbili wa Pugu au Kigamboni wanaweza kuniambukiza?

Hapana, si kimelea hiki. Tumbili, kima, mbega na nyani wetu si makaki, na mbu wa kundi la leucosphyrus hawapo Afrika. Tumbili akikuibia ndizi, hasara yako ni ndizi (akikung'ata ni habari nyingine, nenda kachanjwe kichaa cha mbwa). Malaria ya hapa Dar kwa sehemu kubwa ni *P. falciparum*, pamoja na *P. malariae* na *P. ovale* kidogo, na inaenezwa na mbu wetu kutoka mtu hadi mtu.

3. Kama haipo Tanzania, kwa nini tujisumbue nayo?

Kwa sababu watu wanasafiri. Kuna wanafunzi walioko vyuo vya Malaysia, mafundi wa mitambo, mabaharia, na watu wa biashara ya mbao na mafuta ya mawese. Malaysia haijaripoti malaria ya kawaida ya binadamu iliyoambukizwa ndani ya nchi tangu 2018, lakini mwaka huohuo ilisajili zaidi ya wagonjwa 4,000 wa *P. knowlesi*. Mtu aliyepata malaria kwenye misitu ya huko siku hizi, ya kwanza kuwaza ni hii.

Sababu ya pili ni ya kwetu wenyewe. Mtaalamu wa maabara wa Kuala Lumpur akiona slaidi ya kutatanisha, jina la knowlesi linamjia haraka. Sisi tumezoea kuona *P. malariae* ya kweli, hivyo tukiona umbo lake tunaandika na kuita mgonjwa anayefuata.

4. Nimesikia Waafrika hatuipati. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake, ila usiufanye ngao. Ili kuingia kwenye chembe nyekundu, *P. knowlesi* hutumia mlango ulioko juu ya chembe hiyo uitwao Duffy. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana mlango huo kwenye chembe zao nyekundu, na mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha maabara kwamba chembe zisizo na Duffy zinakikataa kimelea hiki. Ni mlango uleule anaoutumia *P. vivax*.

Lakini Dar ni mji wa watu mchanganyiko. Wapo wenye asili ya India, Uarabuni, Uajemi na Ulaya, na familia zilizochanganya damu hizo na za hapa, na wengi wao wana Duffy. Huwezi kuijua kwa kumtazama mtu usoni wala kwa kusoma jina lake kwenye fomu. Kinachopaswa kukuongoza ni historia ya safari.

## Hadubini inavyotudanganya

5. Kwa nini inasomwa kama *P. malariae*?

Kwa sababu ikishakua kidogo inafanana nayo kwelikweli. Kwenye slaidi nyembamba, *P. malariae* hujulikana kwa umbo la mkanda: kimelea kinajinyoosha kutoka upande mmoja wa chembe hadi mwingine, na chembe yenyewe haivimbi. *P. knowlesi* hufanya mkanda huohuo, katika chembe isiyovimba, na chembechembe za kahawia zilezile. Hata kimelea kikikomaa na kugawanyika, vimelea vichanga hujipanga kuzunguka rundo la rangi katikati, kama tulivyofundishwa kuhusu *P. malariae*.

Kwa hiyo anayeandika *P. malariae* hajafanya uzembe. Amesoma sawasawa kilichopo kwenye kioo. Mwaka 2004 timu ya Balbir Singh huko Sarawak, jimbo la Malaysia kisiwani Borneo, ilichapisha matokeo ya wagonjwa 208 wa malaria wa wilaya ya Kapit. Kwa kipimo cha vinasaba, 120 kati yao, yaani asilimia 58, walikuwa na *P. knowlesi*, na wengi wao walikuwa wamesomwa kwa hadubini kuwa *P. malariae*. Waliozisoma hawakuwa wageni wa kazi hiyo.

6. Mbona mwenzangu aliiona kama *P. falciparum*?

Aliikuta ikiwa changa. Pete za mwanzo za *P. knowlesi* ni ndogo, nyingine zina nukta mbili za kiini, nyingine zimejibandika ukingoni mwa chembe, na chembe moja inaweza kubeba pete mbili au tatu. Hizo zote ni alama tunazowafundisha wanafunzi kuwa za falciparum. Damu ikitolewa saa chache baadaye, pete zimekuwa mikanda na jibu linageuka kuwa *P. malariae*. Mgonjwa ni yuleyule, kimelea ni kilekile; kilichobadilika ni saa ya kutoa damu.

Kwa Dar, mtego mkubwa zaidi uko kati ya hizo mbili. Slaidi moja inaweza kuwa na pete za aina ya falciparum na mikanda ya aina ya malariae kwa pamoja, na mtaalamu akaandika "mchanganyiko wa Pf na Pm". Jibu hilo hapa halimshtui mtu, kwa sababu maambukizi mawili kwa pamoja yapo kweli kwa wagonjwa wetu. Kwa mtu aliyetoka Sabah, jimbo jingine la Malaysia huko Borneo, wiki iliyopita, lishtukie.

7. Hakuna alama yoyote kwenye slaidi inayoweza kuzitofautisha?

Zipo alama za kukutia shaka. Ya kuthibitisha hakuna. Ukihesabu vimelea vichanga ndani ya kimelea kilichogawanyika, *P. malariae* huwa navyo 6 hadi 12, ilhali *P. knowlesi* inaweza kufikia 16. Ukikuta 14 au 15, hiyo si malariae. Tatizo ni kwamba vimelea vilivyokomaa kiasi hicho vinaweza kuwa wachache, na ukikuta tisa hujajua kitu.

Alama ya pili ni wingi. *P. malariae* huwa haba kwenye damu, na kupita vimelea 10,000 kwa kila maikrolita ni nadra. Ukiona "malariae" wamejaa kila uwanja, weka kalamu chini kwanza.

Tone nene halikusaidii kwenye suala la aina, maana chembe nyekundu zimepasuliwa na huwezi kuona kama zilivimba au la. Tone nene ni la kugundua na kuhesabu. Aina itafute kwenye slaidi nyembamba. Na damu ya kwenye chupa ya EDTA isikae mezani saa tatu kwenye joto letu, kwa sababu vimelea hubadilika umbo, halafu unabaki kubishana juu ya mikanda ambayo haikuwemo kwa mgonjwa. Slaidi ipakwe ndani ya saa moja.

8. Saa 24 na saa 72 zina maana gani?

Huo ni muda wa kimelea kuingia kwenye chembe, kukua, kugawanyika na kuipasua. *P. malariae* huchukua saa 72. *P. knowlesi* huchukua saa 24 tu, na hakuna malaria nyingine ya binadamu inayokwenda kwa kasi hiyo. Ndiyo maana homa yake huja kila siku.

Fanya hesabu. Tuseme kila mzunguko vimelea huongezeka mara tano. Kwa siku tatu, malariae inakuwa imeongezeka mara tano. Knowlesi imeongezeka mara tano, tena mara tano, tena mara tano: mara 125. Umbo ni moja, lakini mgonjwa mmoja unaweza kumwambia arudi Jumatatu, na mwingine ifikapo Jumatatu figo zimeshagoma.

## Mfano wa mgonjwa

9. Shaka inaanzaje mezani? Tupeni mfano.

Mgonjwa huyu ni wa kutunga, ila kila hatua ni ya kawaida. Fundi wa mitambo wa miaka 46, mkazi wa Upanga, amekaa Sabah miezi miwili akifunga mashine kwenye kiwanda cha mawese, akilala kambini pembeni mwa msitu. Siku ya tano baada ya kurudi anapata homa, kichwa na kichefuchefu. Kipimo cha haraka kinaonyesha mstari wa falciparum haupo, na mstari wa malaria zote upo kwa mbali.

Slaidi inatengenezwa saa nne asubuhi. Kwenye tone nene kuna vimelea 75 kwa kila chembe nyeupe 200. Tukichukulia chembe nyeupe 8,000 kwa maikrolita, tunazidisha 75 kwa 40 na kupata 3,000. Slaidi nyembamba ina mikanda. Jibu linatoka: *P. malariae*, 3,000. Hakuna cha ajabu hapo, na daktari mwenye foleni ndefu anaweza kumwandikia dawa na kumruhusu.

Lakini kipimo cha damu kamili kinarudi na chembe sahani 42,000. Karibu kila mgonjwa wa knowlesi hushuka chembe sahani, na kushuka kiasi hiki kwa malariae ya vimelea 3,000 hakuendani. Daktari anamuuliza alikuwa wapi, anamlaza, na maabara inaombwa irudie slaidi. Bahati mbaya dozi ya kwanza inachelewa hadi usiku, na mgonjwa anaitapika yote.

Kesho yake saa nne asubuhi: vimelea 450 kwa chembe nyeupe 200. Zidisha kwa 40, ni 18,000. Wameongezeka mara sita kwa siku moja. *P. malariae* ya saa 72 haiwezi kufanya hivyo. Slaidi mbili zilizopishana siku moja, kwa hadubini ileile na rangi ileile ya Giemsa, zimesema ambacho slaidi moja isingesema. Sishauri mtu acheleweshe dawa ili apate slaidi ya pili. Hapa ilitokea tu. Dawa ikishafanya kazi, hesabu itashuka na ushahidi huu hutaupata, ndiyo maana sampuli ya PCR, yaani kipimo cha vinasaba, itolewe mapema (swali la 12).

10. Niandike nini kwenye fomu ya majibu?

Andika ulichokiona na unachokishuku, visichanganyike. Kwa mgonjwa wa swali la 9 ningeandika: "Vimelea vyenye umbo la *P. malariae*, 3,000/µl. Mgonjwa ametoka Sabah. *P. knowlesi* haiwezi kutofautishwa kwa hadubini; naomba PCR, na slaidi irudiwe." Mstari mmoja wa ziada, na daktari ameshajua kwamba neno "malariae" lisimtulize.

Wenzetu wanaofanya kazi kwenye maeneo ya ugonjwa huu nao huandika "*P. malariae/P. knowlesi*" kwa pamoja hadi vinasaba vitoe jibu.

## Vipimo vingine

11. Kipimo cha haraka (mRDT) kinaitambua?

Kwa kuotea. Kipimo kinachotafuta HRP2 peke yake kinatafuta protini ya falciparum, na kwa knowlesi kinaweza kusema hakuna malaria kabisa. Chenye mstari wa malaria zote hutafuta kimeng'enya cha pLDH, na hicho knowlesi inacho, ila vimelea wakiwa wachache mstari hautokei. Zaidi ya hapo, vipo vipimo ambavyo mstari wa pLDH ya falciparum au ya vivax nao huitikia knowlesi, hivyo unapata aina isiyo sahihi.

Kwa msafiri mwenye homa kutoka misitu ya huko, mRDT hasi haimruhusu kwenda nyumbani. Tengeneza slaidi. Ikiwa hasi, rudia baada ya saa 12 hadi 24.

12. PCR ndiyo inamaliza ubishi?

Ndiyo, ikiwa aliyeifanya aliitafuta knowlesi. PCR nyingi za malaria zimepangwa kutafuta aina nne za kawaida. Huko Kapit dalili ya kwanza ilikuwa hiyo hasa: sampuli zilizosomwa kuwa *P. malariae* zilikubali kwamba ni *Plasmodium*, kisha zikakataa kuwa malariae. Ukiona jibu la "Plasmodium ipo, aina haikutambulika", mpigie simu aliyelitoa. Usiliweke kwenye faili.

Maabara za utafiti, kama za Taasisi ya Afya Ifakara kule Bagamoyo, hufanya PCR ya malaria. Kabla ya kutuma, uliza kama wanaweza kupima knowlesi. Toa damu kabla ya dozi ya kwanza: chupa ya EDTA, au matone machache kwenye karatasi ya kuchujia, yakaushwe vizuri na kufungwa pamoja na kikaushio. Unyevu wa Dar ukiingia kwenye karatasi hiyo, vinasaba huharibika.

PCR inakuja baada ya siku. Isisubiriwe ndipo mgonjwa atibiwe.

## Tiba na hatari

13. Tiba ni ileile, sasa ukosefu wa jina unamuumiza nani?

Kwa ugonjwa usio mkali, ni kweli: dawa mseto ya ALu inaiua knowlesi, na klorokwini pia inaiweza. Kwa hiyo aliyesomwa kuwa na falciparum kimakosa, akapewa ALu na kufuatiliwa, kwa kawaida hupona bila kujua alikuwa na nini.

Anayeumia ni aliyeitwa malariae, kwa sababu jina hilo linabeba sifa ya upole. Mwaka 2008 madaktari wa Sarawak waliripoti vifo vinne vilivyothibitishwa kwa vinasaba kuwa vya *P. knowlesi*, na slaidi za wagonjwa wote wanne zilikuwa zimesomwa kuwa *P. malariae*.

Aliyeitwa vivax naye ana lake: anaweza kuandikiwa primakwini ya kuua vimelea vilivyolala kwenye ini, ambavyo knowlesi haina. Kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, ambao kwetu pwani si jambo la nadra, dawa hiyo inaweza kupasua chembe nyekundu bila faida yoyote.

14. Dalili za ukali ni zipi?

Figo kushindwa, macho kuwa ya njano, kupumua kwa shida, shinikizo la damu kushuka. Degedege na kupoteza fahamu, tunavyovijua kwenye falciparum ya watoto wetu, si sura ya ugonjwa huu, kwa hiyo mgonjwa anaweza kukuzungumzia vizuri huku hali yake ikiwa mbaya. Shirika la Afya Duniani huhesabu knowlesi kuwa kali vimelea wakipita 100,000 kwa maikrolita, au wakipita 20,000 na mgonjwa akawa na manjano. Vimelea vya mgonjwa wa swali la 9 vilibakiza kidogo tu kufika hizo 20,000. Mkali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti mara moja, kama falciparum kali.

## Maswali ya pembeni

15. Nilikuwa Kuala Lumpur mjini tu, na homa ninayo. Ni knowlesi?

Uwezekano ni mdogo sana kama hukutoka mjini. Ugonjwa huu ni wa msitu, mashamba yaliyopakana nao na kambi. Lakini umerudi Dar, na Dar ina malaria yake. Pima kama mtu mwingine yeyote, na mwambie daktari kuhusu safari pamoja na dengue, maana nayo iko huko na iko hapa.

16. Mgonjwa anaweza kuwaambukiza watu wa nyumbani?

Kwa kukaa naye au kula naye, hapana. Kwa damu ndiyo: kimelea hiki kimehamishwa kati ya watu kwa sindano tangu miaka ya 1930, enzi ambazo homa yake ya kila siku ilitumiwa kutibu kaswende ya ubongo. Kwa hiyo asitoe damu kwa ajili ya mtu mwingine, na aieleze benki ya damu historia hiyo hata baada ya kupona.

17. Ikipona inaweza kurudi baada ya miezi?

Haina vimelea vinavyolala kwenye ini, kwa hiyo hairudi kama vivax. Homa ikirudi ndani ya wiki nne, slaidi ipigwe upya: pengine dawa ilitapikwa au haikumalizwa. Ikirudi baada ya miezi kadhaa na mgonjwa hajatoka tena Dar, itafute falciparum ya hapahapa kwanza.